Sapu ya 71 iliyoandikwa C: ukomo unakaa wapi, na unakula kiasi gani cha GPA

*Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili, shahada ya biashara, Moshi. Takwimu za Biashara ilinikamata: kosiweki 23 kati ya 40, mtihani 14 kati ya 60, jumla 37. Nikarudi kufanya sapu, na mwalimu wa somo akaniambia karatasi yangu imepata 71. Kwenye mfumo naona C tu na GPA ya muhula 3.4, wakati steshenari nje ya geti walinikokotolea ikaja 3.5. Mdogo wangu anasoma diploma Arusha, anasema kwao sapu inaandikwa 45 siyo 40. Nimeibiwa alama? Na bado naweza kutoka na apa sekondi? Mihula mitatu ya mwanzo nina pointi 618 kwa krediti 180. Masomo mengine ya muhula huu: Uhasibu wa Gharama B+ (krediti 12), Uchumi B (10), Sheria ya Biashara B+ (8), Masoko A (10), Stadi za Mawasiliano B (8). Takwimu yenyewe ni krediti 12.*

Marahaba. Hujaibiwa. C ni sahihi, 3.4 ni sahihi, na mdogo wako naye anasema kweli. Steshenari ndio waliokosea, na wamekosea kwa namna inayowapoteza wengi, nitaifikia.

Tuanze na hiyo 71. Hiyo ni alama ya karatasi, na kazi yake ni moja tu: kuonyesha kwamba umevuka mstari. Kinachoingia kwenye rekodi yako ni matokeo ya somo, na kanuni ya sapu inasema matokeo hayo hayapandi juu ya gredi ya chini kabisa ya kufaulu. Kwa shahada hapa nchini gredi hiyo ni C, yaani 40 hadi 49, yenye pointi 2. Ungepata 41 ingeandikwa C, na ungepata 95 ingeandikwa C vilevile. Sababu yake inaeleweka ukimfikiria mwenzako aliyepata 45 mara ya kwanza. Yeye alikuwa na nafasi moja. Wewe uliiona karatasi ya kwanza, ukapata wiki kadhaa za kurudia somo hilo peke yake bila mengine matano kukusumbua, halafu ukaingia tena. Bila ukomo, aliyeanguka angetoka na A na aliyefaulu kwa shida angebaki na C yake, na wapo ambao wangeanza kuangusha mitihani kwa makusudi.

Lakini "mwisho wa sapu ni C" ni maneno ya vijiweni. Kwenye kitabu cha kanuni ukomo unaweza kukaa sehemu tofauti, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Tafuta sentensi inayohusu sapu uangalie ni kitu gani hasa kinachozuiliwa.

Namna ya kwanza: karatasi ya sapu inasimama peke yake. Inasahihishwa kwa 100, kosiweki inawekwa kando kabisa, na ukifika 40 unapewa C. Kwako: 71 imevuka, inaandikwa C, na kama mfumo unaonyesha namba utaiona 40.

Namna ya pili: sapu inachukua nafasi ya ule mtihani wa mwisho wa muhula, na kosiweki yako inabaki. Hapo 71 kwa mia inageuzwa kuwa sehemu ya 60, yaani 42.6. Ukijumlisha kosiweki 23 unapata 65.6, ambayo kwa mtu wa kawaida ni B+. Kwa aliyesapu inashushwa hadi C. Matokeo ni yaleyale, ila njia ni tofauti.

Namna ya tatu ni adimu zaidi: ukomo unawekwa kwenye karatasi, hauwekwi kwenye somo. Mtihani wa sapu hauwezi kuzidi 40 kwa mia, kwa hiyo kwenye sehemu ya 60 unapata 24 hata kama uliandika majibu ya 71. Kisha kosiweki inaongezwa bila kuguswa. Kwako ingekuwa 24 na 23, jumla 47, ambayo bado ni C. Mwenye kosiweki 36 kati ya 40 angepata 60, na hiyo ni B+ halali, kwa sapu. Kwa hiyo sentensi ikisema "gredi ya somo haitazidi C", kosiweki nzuri haikuokoi. Ikisema "alama ya mtihani wa sapu haitazidi alama ya kufaulu", kosiweki yako ina kazi. Kwenye Kiswahili au Kiingereza cha kanuni tofauti hiyo ni maneno machache tu, lakini kwenye rekodi ni gredi mbili.

Kwako wewe njia zote tatu zinaishia C, ndiyo maana nasema hakuna cha kudai. Wanaoumizwa na tofauti hii ni wale wenye kosiweki mbovu. Chukua mtu mwenye kosiweki 12 kati ya 40 aliyepata 45 kwenye karatasi ya sapu. Kwa namna ya kwanza amefaulu, 45 imevuka 40. Kwa namna ya pili, 45 kwa mia ni 27 kati ya 60, ukiongeza 12 unapata 39. Ameanguka, na gredi ni D. Huyo ndiye utakayemkuta ofisini akisema "mbona mwalimu aliniambia nimepata 45?" Mwalimu hakumdanganya, alimtajia alama ya karatasi.

Kama chuo chako kinatumia namna ya pili, kabla ya kuingia sapu kokotoa unachohitaji. Toa kosiweki yako kwenye 40, gawa kwa 60, zidisha kwa 100. Kwako: 40 toa 23 ni 17, na 17 gawa kwa 60 ni kama 28.3 kwa mia. Mwenye kosiweki 12 anahitaji 28 kati ya 60, karibu 47 kwa mia. Angalia tu kama kanuni zenu zina kiwango cha chini cha mtihani wenyewe, maana baadhi ya vyuo vinataka ufike alama fulani kwenye karatasi hata kama jumla imetosha. Na kwa kuwa juu ya mstari hakuna zawadi, mwenye sapu mbili asitumie wiki zote kwenye ile anayoipenda. Karatasi mbili za 50 zinamvusha masomo yote mawili. Moja ya 80 na nyingine ya 36 zinaweza kumwachia somo la kukariova.

Sasa GPA. Kila gredi ina pointi zake: A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1, E 0. Unazidisha pointi kwa krediti za somo, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya krediti. Muhula wako unakuwa hivi:

Takwimu za Biashara, C: 12 × 2 = 24
Uhasibu wa Gharama, B+: 12 × 4 = 48
Uchumi, B: 10 × 3 = 30
Sheria ya Biashara, B+: 8 × 4 = 32
Masoko, A: 10 × 5 = 50
Stadi za Mawasiliano, B: 8 × 3 = 24

Jumla ni 208 kwa krediti 60, sawa na 3.466. Steshenari walichofanya ni kuchukua pointi 2, 4, 3, 4, 5 na 3, wakajumlisha 21, wakagawa kwa masomo sita, ikaja 3.5 kamili. Wamelihesabu somo la krediti 8 sawa na la krediti 12. Kosa hilo kwa kawaida halionekani, lakini sapu ikiangukia somo zito kama Takwimu linajitokeza, kwa sababu ile C inavuta kwa uzito wa krediti 12 na siyo kwa uzito wa somo moja kati ya sita.

Kuna na mtego wa pili hapohapo. Hata mtu aliyekokotoa vizuri akapata 3.466 anaweza kukuambia ni 3.5 kwa kukadiria. Vyuo vingi nchini havikadirii GPA. Vinaikata kwenye desimali moja, na kinachofuata kinatupwa. 3.466 ni 3.4, na 3.499 nayo ni 3.4. Mfumo wenu umekuonyesha 3.4, kwa hiyo wenu unakata.

Kabla ya sapu, Takwimu ilikuwa D yenye pointi 1, yaani 12 badala ya 24. Muhula ulikuwa na 196 kwa 60, sawa na 3.2. Sapu imekupandisha kutoka 3.2 hadi 3.4. Ukomo nao umekuzuia wapi? Kama chuo chenu kinahesabu kosiweki, ile 65.6 ingekuwa B+, pointi 48, na muhula ungekuwa 232 kwa 60, yaani 3.8. Kama karatasi inasimama peke yake, 71 ingekuwa A, pointi 60, jumla 244, yaani 4.0. Kwa muhula mmoja pengo hilo linatisha. Kwa shahada nzima linapungua sana, kwa sababu shahada ya miaka mitatu ina krediti 360 kwa uchache. Pointi 24 zilizozuiwa, ukizigawa kwa 360, ni 0.067. Zile 36 za kwenye A ni 0.1 kamili.

Usiidharau hiyo 0.067, maana GPA inakatwa na madaraja ya shahada yana mipaka mikali: fasti klasi ni 4.4 hadi 5.0, apa sekondi 3.5 hadi 4.3, loa sekondi 2.7 hadi 3.4, pasi 2.0 hadi 2.6. Wewe uko jirani kabisa na mpaka wa 3.5. Ulikuwa na 618, umeongeza 208, sasa una 826 kwa krediti 240. Ukigawa unapata 3.44, yaani 3.4, loa sekondi.

Ili umalize na 3.5 kwa krediti 360 unahitaji pointi 1,260. Zimebaki 434, na mwaka wa tatu una krediti 120. Wastani unaotakiwa ni 3.62. Tuseme mwaka huo una masomo kumi ya krediti 12 kila moja, na tuseme gredi zako zitakuwa kati ya B na B+. B moja inakupa 36, B+ moja inakupa 48. Ukipata B+ sita na B nne unapata 432, jumla kuu 1,258, GPA 3.494, inakatwa 3.4. Pointi mbili zimekunyima apa sekondi. B+ saba na B tatu zinakupa 444, jumla 1,270, GPA 3.52, na umeipata. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni ndiyo, kwa B+ saba kati ya kumi au kitu chenye uzito sawa, mfano A moja na C moja badala ya B+ moja na B moja.

Bila ukomo, kama Takwimu ingeandikwa B+, ungekuwa na 850 na ungehitaji 410 tu. B+ tano na B tano zinatoa 420, zinatosha. Hiyo ndiyo bei halisi ya sapu yako: masomo mawili ya mwaka wa tatu ambayo yangeweza kuwa B, sasa yanatakiwa yawe B+. Chukua karatasi urudie hesabu hii kwa krediti halisi za mwaka wa tatu wenu, maana utafiti au mafunzo kwa vitendo mara nyingi hubeba krediti zaidi ya somo la darasani, na gredi ya hapo inaweza kufidia pengo lote mara moja.

Kuhusu mdogo wako, yeye yuko chini ya mfumo wa NTA unaosimamiwa na NACTVET, na ngazi zake zina mistari tofauti. Ngazi ya 6, yaani diploma ya kawaida, C inaanza 45 na kuishia 54, yenye pointi 2 kwenye skeli ya 5. Ngazi za 4 na 5, C inaanza 50, na skeli ya pointi ni ya 4: A 4, B 3, C 2, D 1. Kwa hiyo ukomo ni uleule, C, ila namba iliyo chini yake inatofautiana. Wewe 40, yeye 45, na rafiki yake wa cheti cha awali 50. Msilinganishe namba, linganisheni gredi. Na uzito wa ile C kwenye GPA ya mtu wa ngazi ya 4 si sawa na wako, kwa sababu pointi 2 kati ya 4 ni nusu ya njia, na 2 kati ya 5 ni pungufu.

Ipo hali moja ambapo C ya namna hii huwa ni kosa kweli, nayo ni mtihani maalumu kuingizwa kwenye mfumo kama sapu. Mitihani hiyo miwili kwa kawaida hufanyika wiki zilezile, vyumba vilevile, mara nyingi kwa karatasi ileile, lakini kwa kanuni ni vitu viwili. Sapu ni ya aliyefanya mtihani akaanguka. Mtihani maalumu ni wa aliyekuwa na ruhusa ya kuahirisha, kwa kuugua au msiba, na kwake huo ndio mtihani wa kwanza: kosiweki inahesabiwa, gredi inaandikwa kamili, na ukomo haumhusu. Kutambua ni rahisi. Angalia matokeo ya kwanza ya somo, kabla ya kurudi chuoni. Kama yalikuwa na D au E, ilikuwa sapu. Kama yalionyesha kwamba somo halijakamilika, na una barua ya kuahirisha, C yako yenye karatasi ya 71 inapaswa kusahihishwa. Barua hiyo ipelekwe kwa mratibu wa mitihani wa idara mapema, kwa sababu matokeo yakishapita kwenye seneti kuyafungua ni safari ndefu. Hali yako haiko hapa, ulifanya na ukapata 37, ila mwenzako wa chumba anaweza kuwepo.

Usilipie rufaa kwa hii sapu. Rufaa inaangalia usahihishaji wa karatasi, na hata wakikupandisha kutoka 71 hadi 80 somo linabaki C. Karatasi iliyokuwa na thamani ya kukatiwa rufaa ni ile ya kwanza ya 14 kati ya 60, wakati dirisha lilipokuwa wazi, na hata hiyo ingehitaji kupanda alama tatu ili ufike 40, ambayo nayo ni C yenye pointi 2. Ungefika palepale ulipo leo, isipokuwa usingepanda basi kurudi Moshi wakati wa likizo.

Na wazo linalozunguka hosteli, kwamba ni heri kuangusha sapu kusudi ukariove somo na kulisoma upya kwa gredi huru, liache. Vyuo vingine vinaweka ukomo uleule kwenye somo la kurudia. Pale ambapo haupo, Takwimu huwa inafundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo ungeibeba hadi mwaka wa tatu juu ya masomo kumi unayotakiwa kuyafanyia B+ saba, na masomo yanayodai uwe umefaulu Takwimu kwanza yangekufungia mlango.

Kilichobaki kwako ni kuangalia kitu kimoja kwenye mfumo: GPA ya jumla ya miaka miwili isomeke 3.4 na Takwimu ionekane mara moja tu, kama C. Ikiwa D ya kwanza bado imo kama somo tofauti, krediti 12 zinahesabiwa mara mbili. Hapo utakuwa na pointi 838 kwa krediti 252, yaani 3.32, inayokatwa kuwa 3.3. Ukiiona 3.3, hiyo ndiyo ya kupeleka ofisini.